Kabla ya Kuchagua Jaribio: Thamani Zilizokosekana, Thamani za Mbali na Umbo la Msambao katika Data za Usomaji wa Kiswahili

Ikisiri

Ripoti nyingi za tafiti za usomaji huanza uchanganuzi wa takwimu kwa swali moja: je, data zina msambao wa kawaida? Jibu likiwa ndiyo, hutumika jaribio la t. Likiwa hapana, hutumika jaribio la Mann na Whitney. Makala haya yanaonesha kwamba swali hilo huulizwa mapema mno. Kwa kutumia alama za kasi ya kusoma kwa sauti, yanaeleza kwa nini thamani zilizokosekana hazina budi kuchunguzwa kwanza, thamani za mbali zifuate, na umbo la msambao liwe la mwisho. Mfano mdogo wa wanafunzi 16, uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya, unafuatwa hatua kwa hatua hadi kwenye uchaguzi wa jaribio. Inaoneshwa pia kwamba makundi mawili yenye wastani uleule yanaweza kutofautiana katika jambo ambalo watunga sera wanalihitaji kuliko yote, bila majaribio yote mawili yaliyozoeleka kuliona.

1.0 Namba inavyozaliwa

Tathmini ya usomaji wa madarasa ya awali, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake EGRA, ilianza kuundwa mwaka 2006 na shirika la RTI International kwa ufadhili wa USAID na Benki ya Dunia. Tangu hapo imetumika katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Sehemu yake inayonukuliwa mara nyingi zaidi ni ya kusoma kifungu kwa sauti. Mwanafunzi hupewa kifungu kifupi, tuseme cha maneno 60, naye husoma kwa sekunde zisizozidi 60. Msaili hutia alama kwenye kila neno lililokosewa. Asiyeweza kusoma hata neno moja la mstari wa kwanza husimamishwa ili asiteseke bure, na alama yake huwa sifuri. Anayemaliza kifungu kabla ya muda kwisha huandikiwa sekunde zilizobaki, kisha alama yake hukokotolewa kwa kugawanya idadi ya maneno sahihi kwa sekunde alizotumia na kuzidisha kwa 60. Matokeo huitwa maneno sahihi kwa dakika.

Maelezo haya yanaweza kuonekana kuwa ya utaratibu tu, lakini karibu kila kasoro itakayojitokeza baadaye kwenye faili la data ina chanzo chake humo. Kanuni ya kusimamisha huzalisha lundo la sifuri. Ukokotoaji wa muda huzalisha namba kubwa kupita kiasi mtu anapokosea kati ya sekunde zilizobaki na sekunde zilizotumika. Kwa kuwa maswali ya ufahamu huulizwa kwa sehemu ya kifungu iliyosomwa tu, nafasi tupu hujitokeza ambazo si za kusahau wala za kukataa kujibu. Mchanganuzi anayepokea faili bila kujua jinsi namba zake zilivyozaliwa hana njia ya kutofautisha haya yote, hata awe na programu nzuri namna gani.

Ipo pia tahadhari ya kiisimu. Neno moja la Kiswahili kama vile *hawajatuelezea* hubeba maana inayohitaji maneno kadhaa katika lugha yenye viambishi vichache. Kwa hiyo viwango vya maneno kwa dakika vilivyowekwa kwa lugha nyingine havifai kutumiwa kuamua kwamba namba fulani ya Kiswahili ni ndogo au kubwa mno.

Tuchukue basi orodha ifuatayo ya alama za wanafunzi 16, kama zilivyo kwenye faili kabla ya kuguswa: 0, 0, 0, 0, 0, 8, 12, 15, 18, 21, 22, 25, 29, 34, 330 na 999. Wastani wake ni 94.6. Mediani, yaani thamani ya katikati baada ya kuzipanga, ni 16.5. Pengo kati ya vipimo hivyo viwili linatosha kumfanya mchanganuzi aweke kalamu chini na kurudi kwenye fomu.

2.0 Nafasi tupu, sifuri na 999

Namba 999 si alama. Ni msimbo alioutumia mwingizaji data kuonesha kwamba mwanafunzi hakufanya sehemu hiyo. Labda aliugua, labda alikataa. Msimbo wa namna hii ni salama pale tu programu inapoambiwa kwamba ni msimbo. Isipoambiwa, huuhesabu kama maneno 999 kwa dakika. Ukiondolewa, wanabaki wanafunzi 15 na wastani unashuka kutoka 94.6 hadi 34.3.

Hapo ndipo penye hatari. Wastani wa 94.6 ungemshtua yeyote anayewajua watoto wa darasa la pili. Wastani wa 34.3 haumshtui mtu. Unaweza kupita kwenye rasimu, kwenye kikao cha wadau na hatimaye kwenye waraka wa sera, ilhali, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 3.0, ni takriban maradufu ya ule ulio sahihi. Kosa linalotoa namba isiyosadikika hujitangaza lenyewe. Linalotoa namba inayosadikika halina wa kulitangaza.

Kuondoa msimbo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza kwa nini thamani imekosekana. Mwaka 1976 Donald Rubin alitofautisha hali tatu ambazo hadi leo ndizo msingi wa mjadala huu. Katika hali ya kwanza, kukosekana hakuhusiani na chochote: fomu imelowa mvua, na ingeweza kuwa ya mtoto yeyote. Katika ya pili, kukosekana kunahusiana na jambo lililorekodiwa: shule za vijijini zina nafasi tupu nyingi kuliko za mjini, lakini ndani ya kila aina ya shule, watoto waliokosekana hawatofautiani na wengine kwa usomaji. Katika ya tatu, kukosekana kunahusiana na ile thamani yenyewe isiyoonekana: mtoto amekataa kusoma kwa sababu hajui kusoma. Hali ya kwanza haina madhara zaidi ya kupunguza sampuli. Ya pili hurekebishika kwa kutumia taarifa zilizopo. Ya tatu haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa data zilizomo kwenye faili, na mchanganuzi hulazimika kuonesha matokeo yangekuwaje iwapo waliokosekana wote wangepata sifuri, kisha iwapo wangekuwa kama wenzao.

Katika mfano huu, mwanafunzi mmoja aliyekosekana akihesabiwa kuwa na sifuri, sehemu ya wasioweza kusoma huwa 6 kati ya 16 badala ya 5 kati ya 15. Tofauti ni ndogo, na inafaa isemwe hivyo. Kisichofaa ni kumjazia wastani wa wenzake kisha kuendelea kana kwamba alipimwa. Kufanya hivyo huuacha wastani ulivyo, lakini hupunguza mtawanyiko na kuifanya sampuli ionekane kubwa kuliko ilivyo.

Njia rahisi ya kupata fununu ya chanzo ni kuhesabu nafasi tupu kwa kila msaili, kwa kila shule na kwa kila siku ya kazi. Katika miji ya mashariki mwa Kongo kama Bukavu, ambako mtoto anaweza kuzungumza Mashi na Kiswahili katika nyumba ileile, swali la lugha ya nyumbani lenye nafasi ya jibu moja humtia msaili katika mtihani: mmoja ataandika lugha ya kwanza kutajwa, mwingine ataacha wazi. Nafasi tupu zikijikusanya kwa msaili mmoja, tatizo ni la mafunzo ya wasaili. Zikisambaa kwa wote, tatizo ni la swali lenyewe. Katika hali hiyo ya pili, kuwaondoa watoto wasio na jibu ni kuwaondoa hasa watoto wa lugha nyingi, ambao huenda ndio utafiti uliowakusudia.

Maswali ya ufahamu yanadai uangalifu wa aina yake. Mtoto aliyesoma maneno 12 ameulizwa swali moja kati ya matano, naye akalijibu sawasawa. Aliyesoma kifungu chote ameulizwa yote matano, akapata manne. Tukigawanya kwa maswali yaliyoulizwa, wa kwanza ana asilimia 100 na wa pili asilimia 80. Tukigawanya kwa maswali yote, wa kwanza ana asilimia 20 na wa pili bado ana 80. Wale watano wenye sifuri hawakuulizwa lolote. Kwa ukokotoaji wa kwanza hawamo kabisa kwenye hesabu, kwa wa pili wana sifuri. Kila ukokotoaji unajibu swali lake: wa kwanza unauliza kama mtoto anaelewa kile alichofaulu kukisoma, wa pili kama anaweza kusoma kifungu akakielewa. Ripoti isiyosema imetumia upi haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Kinyume chake pia hutokea, yaani sifuri ya kweli kugeuka nafasi tupu. Tuangalie amri hizi za programu ya R, ambamo `sahihi` ni idadi ya maneno sahihi na `baki` ni sekunde zilizobaki:

```
d$sahihi[d$sahihi == 999] <- NA
d$msd <- d$sahihi / (60 - d$baki) * 60
tapply(is.na(d$msd), d$msaili, mean)
```

Mstari wa kwanza unaondoa msimbo, wa pili unakokotoa kasi, wa tatu unatoa sehemu ya nafasi tupu kwa kila msaili. Lakini iwapo mtoto aliyesimamishwa kwenye mstari wa kwanza ameandikiwa kwamba sekunde zote 60 zilibaki, mstari wa pili hugawanya sifuri kwa sifuri. R hutoa `NaN`, na `is.na` huihesabu kuwa ni thamani iliyokosekana. Watoto wasioweza kusoma hutoweka hivyo kimyakimya, na wastani wa waliobaki hupanda. Dalili yake ni kwamba sehemu inayotolewa na mstari wa tatu inazidi sehemu ya misimbo 999 iliyokuwamo kwenye faili ghafi.

Pengo la mwisho halina hata mstari kwenye faili. Wanafunzi wa kupimwa kwa kawaida huchaguliwa miongoni mwa waliofika shuleni siku ile. Mtoto mtoro haonekani kama nafasi tupu, haonekani kabisa. Kumbukumbu pekee yake ni tofauti kati ya idadi ya walioandikishwa na idadi ya waliohudhuria, na ndiyo maana tarakimu hizo mbili zinafaa kuandikwa na msaili kwa kila shule. Utoro ukiwa mkubwa zaidi katika kundi moja la shule kuliko jingine, hakuna jaribio la takwimu litakaloiponya tofauti hiyo.

3.0 Thamani za mbali

Tumebaki na wanafunzi 15, mmoja wao akiwa na maneno 330 kwa dakika. Kanuni inayofundishwa sana ni kutilia shaka thamani iliyo mbali na wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu mitatu. Kanuni hiyo ina udhaifu unaoonekana wazi katika mfano huu. Kabla msimbo 999 haujaondolewa, mkengeuko sanifu ulikuwa 254, nayo 330 ilikuwa mbali na wastani kwa mkengeuko 0.93 tu. Kwa maneno mengine, thamani isiyowezekana ilionekana kuwa ya kawaida kabisa, kwa sababu kubwa zaidi yake ilikuwa imeutanua mtawanyiko na kuificha. Baada ya 999 kuondoka, mkengeuko sanifu ni 82.6, nayo 330 iko mbali kwa mikengeuko 3.58. Ndiyo sababu thamani zilizokosekana hushughulikiwa kwanza.

Udhaifu wa pili ni wa kihesabu. Katika sampuli ya watu n, thamani yoyote haiwezi kuwa mbali na wastani kwa zaidi ya n ukitoa 1, ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha n. Kwa watu 10 kikomo hicho ni 2.85. Mchanganuzi anayetumia kanuni ya mikengeuko mitatu kwenye kundi la wanafunzi 10 hatapata thamani ya mbali hata mmoja wao akiandikiwa maneno milioni moja.

Kwa sababu hizo, wengi hupendelea kanuni ya John Tukey, iliyoenezwa na kitabu chake cha mwaka 1977, inayotegemea robo badala ya wastani. Data hupangwa, huchukuliwa robo ya kwanza na robo ya tatu, na thamani inayozidi robo ya tatu kwa zaidi ya mara 1.5 ya pengo la robo hizo hutiwa alama. Hapa robo ya kwanza ni 0 na ya tatu ni 25, hivyo mpaka wa juu ni 62.5. Mpaka huu haubadiliki 330 ikiwamo au ikirekebishwa, maana robo hazijali ukubwa wa thamani ya mwisho.

Lakini kanuni hutia alama tu, haihukumu. Hukumu hutoka kwenye fomu. Kwa mwanafunzi wa 330, fomu inaonesha kwamba alimaliza kifungu, alipata maneno 55, na kwenye nafasi ya muda imeandikwa 10. Maneno 55 kwa sekunde 10 ni 330 kwa dakika, kasi ambayo hakuna mtoto anayesoma kwa sauti anayeifikia. Ikiwa 10 ni sekunde zilizobaki, basi alitumia 50, na alama yake ni 66. Kosa limejieleza lenyewe. Marekebisho yanaandikwa kwenye daftari la usafishaji wa data pamoja na sababu yake, na wanafunzi wengine wote waliomaliza kifungu wanakaguliwa kwa msaili huyohuyo, kwa kuwa kosa la kuelewa fomu halitokei mara moja.

Sasa 66 nayo inavuka mpaka wa 62.5. Je, iondolewe? La. Ni mtoto anayesoma vizuri, na fomu yake haina kasoro. Kumwondoa kwa sababu tu anaharibu umbo la msambao ni kuitengeneza data ifanane na jaribio, ilhali jaribio ndilo linalopaswa kuchaguliwa lifae data. Akibaki, wastani wa wanafunzi 15 ni 16.7. Mediani ni 15. Katika safari yote kutoka kwenye faili ghafi, wastani umeanguka kutoka 94.6 hadi 16.7, wakati mediani imesogea kutoka 16.5 hadi 15.

4.0 Umbo la msambao

Sasa ndipo swali la msambao wa kawaida lina maana. Hata kabla ya kuchora mchoro wowote, kuna dalili: mkengeuko sanifu ni 17.9, mkubwa kuliko wastani wenyewe. Kwa kipimo kisichoweza kushuka chini ya sifuri, hali hiyo haiafikiani na umbo la kengele, maana umbo hilo lingetaka sehemu kubwa ya watoto wawe na kasi hasi.

Histogramu huonesha kilichopo: lundo la watoto watano kwenye sifuri, kisha watoto tisa waliotawanyika kati ya 8 na 34, kisha mmoja peke yake kwenye 66. Huu si msambao wa kawaida ulioegemea upande. Ni watu wa aina mbili kwenye safu moja: wasioweza kusoma bado, na wanaosoma kwa kasi tofauti. Pendekezo la kuchukua logi ya alama, ambalo husaidia msambao ulioegemea, halisaidii hapa. Sifuri haina logi, na hata ikiongezwa 1 kabla ya kubadilishwa, watoto watano watabaki kwenye nukta ileile moja. Hakuna badiliko la kihesabu linaloweza kutawanya lundo.

Watafiti wengi huruka mchoro na kwenda moja kwa moja kwenye jaribio la Shapiro na Wilk la mwaka 1965, kisha huiacha thamani yake ya p iamue. Jaribio hilo ni zuri kwa kazi yake, lakini halifai kuwa bawabu. Katika sampuli ndogo, ambako msambao usio wa kawaida unaweza kuleta madhara, mara nyingi halina nguvu ya kuutambua. Katika sampuli ya watoto elfu kadhaa, ambako wastani wa kundi hukaribia kuwa na msambao wa kawaida hata alama za mtu mmojammoja zisipokuwa nao, hukataa kwa tofauti ndogo zisizo na madhara yoyote. Linalegea pale linapohitajika na kukaza pale lisipohitajika.

Kuna pia kosa la mahali pa kupima. Sharti la jaribio la t halihusu safu nzima ya alama, bali alama ndani ya kila kundi, yaani mabaki baada ya kuondoa wastani wa kundi. Shule za aina mbili zenye wastani wa 15 na 45 zikichanganywa zitatoa histogramu yenye vilele viwili, hata kama ndani ya kila aina msambao ni kengele safi. Mtafiti anayeipima safu nzima atakataa jaribio linalofaa kwa sababu ya tofauti ileile anayotaka kuithibitisha.

Na lipo sharti jingine lenye uzito kuliko umbo, ingawa hutajwa kwa nadra: kujitegemea kwa wapimwaji. Watoto wa shule moja wana mwalimu mmoja na vitabu vilevile, hivyo alama zao hufanana. Tuchukulie shule 20 zenye watoto 20 kila moja, na uwiano wa mfanano ndani ya shule wa 0.2. Athari ya muundo wa sampuli ni 1 kujumlisha 19 mara 0.2, yaani 4.8. Watoto 400 hao wanatoa taarifa sawa na watoto 83 waliochaguliwa kila mmoja peke yake. Jaribio la t na la Mann na Whitney, yakifanywa kana kwamba watoto ni 400 huru, yote mawili yatatangaza tofauti nyingi zisizokuwapo, hata kama msambao ni wa kawaida kama ule wa vitabuni.

5.0 Jaribio lipi, kwa swali lipi

Tuseme kundi lililosafishwa ni kundi A, na liko kundi B la watoto 15, nalo la kutungwa, lenye alama 10, 11, 12, 13, 14, 15, 16, 17, 17, 18, 19, 20, 21, 23 na 24. Jumla ya kila kundi ni 250, hivyo wastani wa kila kundi ni 16.7. Jaribio la t linatoa sifuri kamili: hakuna tofauti ya wastani.

Mtafiti anayeona kwamba msambao wa kundi A si wa kawaida atahamia kwenye jaribio la Mann na Whitney. Jaribio hili, kinyume na inavyoandikwa mara nyingi, halilinganishi mediani, isipokuwa maumbo ya misambao miwili yawe sawa. Linauliza: tukimchukua mtoto mmoja wa A na mmoja wa B kwa bahati nasibu, ni mara ngapi wa A atamzidi wa B? Kati ya jozi zote 225, A inashinda katika 103, sare ikihesabiwa nusu. Hiyo ni asilimia 46, karibu na nusu kwa nusu. Jaribio hili nalo halioni tofauti.

Hata hivyo kundi A lina mtoto mmoja kati ya watatu asiyeweza kusoma neno, na kundi B halina hata mmoja. Jaribio kamili la Fisher kwa watoto 5 kati ya 15 dhidi ya 0 kati ya 15 linatoa p ya 0.042 kwa pande zote mbili. Tofauti ambayo afisa wa elimu angeitambua darasani kwa dakika tano imeonekana tu pale ilipoulizwa kwa jina lake. Shida haikuwa kwamba jaribio la t lilivunja sharti. Shida ilikuwa kwamba wastani ulichanganya mambo mawili, na kuhama kutoka jaribio moja hadi jingine hakukuyatenganisha.

Kwa data zenye lundo la sifuri, basi, uchanganuzi unaofaa una sehemu mbili. Ya kwanza inalinganisha sehemu ya wasioweza kusoma, kwa Fisher au khi-mraba katika sampuli ndogo ya watoto huru, na kwa regresheni ya lojistiki inayozingatia shule katika sampuli ya makundi. Ya pili inalinganisha kasi ya wale wanaosoma: hapa 25.0 kwa A na 16.7 kwa B. Katika sehemu hii ya pili, umbo la msambao ndani ya kila kundi linachunguzwa upya bila sifuri. Mitawanyiko ikitofautiana, hutumika jaribio la t la Welch, ambalo halidai mitawanyiko iwe sawa. Sampuli ikiwa ndogo na yenye thamani kama ile 66, matokeo hutolewa mara mbili, thamani hiyo ikiwamo na isipokuwamo, ili msomaji aone uzito wake.

Sehemu ya pili ina mtego ambao mshauri wa sera anapaswa kuujua. Kasi ya wanaosoma inaweza kushuka kwa sababu programu imefaulu. Watoto waliokuwa kwenye sifuri wakianza kusoma maneno manane au kumi kwa dakika, huingia katika kundi la wanaosoma wakiwa wa mwisho, na kuuvuta wastani wake chini. Kundi B linaweza kuwa kundi A baada ya mwaka wa mafundisho mazuri kwa watoto dhaifu, au linaweza kuwa shule ambako watoto hodari wamerudishwa nyuma. Tarakimu za mkupuo mmoja haziwezi kuamua. Kwa sababu hiyo matokeo ya sehemu mbili hayachapishwi kamwe kwenye majedwali tofauti. Mstari wa kundi A katika jedwali la ripoti ungesomeka hivi: waliochaguliwa 16, waliopimwa 15, alama iliyorekebishwa 1, wasioweza kusoma 5, kasi ya wanaosoma 25.0, mediani ya wote 15. Kwa kundi B, ambako hakukuwa na thamani iliyokosekana wala kurekebishwa: 15, 15, 0, 0, 16.7 na 17.